Dhahabu ya Geita haikutapikwa na volkano za Bonde la Ufa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 11 bila kukuandikia, hata mlipokosea jina la wilaya yetu. Ila ile taarifa ya Jumapili, kwamba dhahabu ya Kanda ya Ziwa "ilitapikwa na volkano za Bonde la Ufa", imenishinda.

Volkano za Ufa kule kaskazini zina miaka milioni chache tu. Miamba ya Geita ina zaidi ya miaka bilioni 2.6. Tangu lini mjukuu akamzaa babu? Miamba ile ilianza kama lava na matope yenye chuma chini ya maji, ikakunjwa, ikazikwa, ikapikwa hadi lava ikageuka kijani. Ndiyo maana huitwa mikanda ya mawe ya kijani. Baadaye maji ya moto yenye salfa yakapanda kwenye nyufa, na salfa hiyo ndiyo iliyoibeba dhahabu. Yalipokutana na mawe ya mistari yaliyotokana na yale matope yenye chuma, salfa ikashikana na chuma ikawa pairaiti. Dhahabu ikakosa mbebaji, ikabaki palepale.

Na haya yote yamesalia kwa sababu yamekaa juu ya kratoni ya Tanzania, kipande cha bara chenye mzizi mnene, baridi na mwepesi, unaoshuka zaidi ya kilomita 150. Kwingi duniani ukoko wa umri huo umeshasagwa au kuyeyuka. Ufa wenyewe ulipofika hapa ulishindwa kuupasua, ukagawanyika: tawi moja likapita mashariki, jingine magharibi. Sasa mnataka aliyeshindwa kuingia ndiye awe ameleta mzigo?

Mwaka juzi mliandika hivyohivyo, shemeji yangu akauza pikipiki na ng'ombe wawili akachimbe duara la dhahabu kando ya mlima wa volkano. Alifika mita 17, matimba na yote. Akaniletea kiroba cha mawe nimwambie kuna nini. Nililishika moja tu: jeusi, jepesi, limejaa vitundu vya gesi kama andazi. Jiwe letu la kijani ni zito, halina vitundu vile, na likiwa na pairaiti utaona vijipande vya njano ukilivunja. Hata hilo si ahadi, maana sehemu kubwa ya mikanda hii haina dhahabu ya kumlipa mtu. Lakini yeye hakuwa hata ndani ya mkanda!

Tena pembeni ya taarifa hiyo mkaweka tangazo la fimbo ya kutambua dhahabu umbali wa kilomita mbili. Mnalipwa shilingi ngapi kwa tangazo kama lile?

Naomba mwandishi wenu apewe kilo 10 za jiwe la vitundu na kilo 10 za jiwe la kijani, apande basi kutoka Arusha hadi Geita akiwa amezipakata. Mawe ninayo, nauli mtoe ninyi.

Msomaji wenu,
Geita