Maji ya Ruvu: mlonge kwanza, klorini baadaye

Wanakikundi, habari za asubuhi. Ruvu sasa ni tope tupu, na klorini ukiitia humo inaishia kwenye tope. Tuliza maji kwanza. Wenye shabu sawa, ila mlonge upo uani.

Menya mbegu zilizokaukia mtini, twanga. Vijiko 2 vya chai vya unga kwa ndoo ya lita 20. Changanya na kikombe cha maji safi, chuja kwa kitambaa, mimina ndooni. Koroga haraka dakika 2, kisha polepole dakika 10, mpaka uone vibonge vikielea. Funika saa 1 au 2, usiitikise ndoo.

Teka ya juu, chuja, ndipo utie klorini, usubiri nusu saa. Yanywewe leoleo, ya mlonge yakilala hunuka.