Acha chumvi, mwanangu

Mwanangu Rehema,

Dada yako ameniambia una mafua, na kwamba mchuzi wa samaki wa juzi uliuongeza chumvi mara tatu, kisha ukaumwaga ukisema hauna ladha. Samaki hakuwa na kosa. Chumvi tia ile ile uliyozoea, tafadhali.

Ulimi peke yake unajua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama. Mengine karibu yote tunayoyaita ladha ni harufu. Unapotafuna na kumeza, mvuke wa chakula hupanda kwa nyuma ya koo hadi juu kabisa ndani ya pua, usawa wa katikati ya macho, kwenye neva za kunusa. Mafua huvimbisha njia hiyo na kuijaza kamasi, kwa hiyo mvuke haufiki.

Darasani nawapa wanafunzi kipande cha embe, wazibe pua na kutafuna. Wanaonja utamu na uchachu kidogo tu, hata hawawezi kusema ni tunda gani. Nikiwaambia waachie pua na kupumulia puani, embe linatokea papo hapo. Lijaribu ukipona, wewe uliyekuwa hodari wa sayansi kuliko wote nyumbani halafu ukaja kubishana na sufuria.

Chumvi unaionja bado, ndiyo maana mkono unaikimbilia, lakini haitarudisha nazi wala bizari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na presha ya baba yako unaijua. Ukitaka kitu kinachosikika mdomoni, kamua ndimu, tia pilipili na tangawizi. Ule mwasho hupita kwenye neva nyingine, hauhitaji pua.

Samaki nunua kwa macho sasa: jicho liwe angavu, mashavuni pawe pekundu. Akiwa ameanza kuharibika hutamnusa. Na gesi ya mtungi haina harufu yake, hutiwa kitu kinachonuka ili ikivuja tujue. Wewe kwa sasa hujui. Funga koki ya mtungi kila ukimaliza kupika, dirisha liwe wazi. Nilikwambia hili ulipohama, ukanijibu "sawa, mama" bila kuniangalia.

Pua ikizibuka, ladha hurudi yenyewe. Ikiwa pua imefunguka, unapumua vizuri, na bado kahawa huisikii, hapo neva zenyewe huenda zimeumia, usikae nyumbani, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nimempa dereva wa basi la kesho ndimu na tangawizi. Chumvi sikuweka. Kile kikapu kirudishe, ni cha shangazi yako, ameshakiulizia.

Mama yako