Nimeambiwa barua pepe yangu ina mwenyewe

Mpendwa Anti, shikamoo.

Ninakuandikia saa kumi alfajiri. Watoto wamelala, na mimi sijafumba jicho tangu saa sita, nilipojiunga na bando la usiku ili nijaze maombi ya kazi ambayo mwisho wake ni Ijumaa. Sikujaza chochote. Nilipoandika barua pepe yangu na kubonyeza kitufe cha kujisajili, mfumo ulinijibu kwa maandishi mekundu, "Email already exists", maana yake anwani hiyo imekwisha kusajiliwa. Anti, mimi sijawahi kufungua akaunti katika mfumo ule. Kabla ya jana usiku sikuwa hata nimeuona ukurasa wake.

Kwanza nilidhani nimekosea herufi, nikaiandika upya mara nne, mara ya mwisho nikiisoma herufi moja moja kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Majibu yakawa yale yale. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu na huchelewa kulala, aliniandikia kwamba niongeze nukta katikati ya jina, kwa sababu Gmail haihesabu nukta: barua zitaingia katika sanduku lile lile, ilhali mfumo wa maombi huenda ukaiona kuwa ni anwani mpya. Nilijaribu kujitumia barua kwa nukta hiyo na ikafika kweli. Lakini nilijiuliza kwa nini nijifiche nyuma ya nukta ili nitumie kitu kilicho changu, nikaiacha njia hiyo.

Nikabonyeza "Forgot password?". Hoja yangu ilikuwa nyepesi: kama anwani ile ni ya mtu mwingine anayefanana nami jina, kiungo cha kubadili nenosiri kitaenda kwake, kama ni yangu, kitakuja kwangu. Kilikuja kwangu kabla ya dakika moja kwisha. Nikaweka nenosiri jipya, nikaingia, na ndani nikakuta picha ya binti nisiyemfahamu. Kulikuwa na cheti chake cha kidato cha nne, namba yake ya simu, makazi yake Tandahimba, na namba yake ya NIDA. Tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo nilijua hapo hapo kwamba amezaliwa mwaka 2004 na kwamba ni mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Maombi yake ni ya nafasi ile ile ninayoitaka mimi.

Usinifikirie kuwa nilikwenda kupekua mambo ya watu. Nilikuwa natafuta akaunti yangu.

Baada ya hapo nilirudi kwenye barua pepe yangu na kutafuta jina la ule mfumo. Ilitokea barua ya mwezi wa sita, ile ya kuthibitisha usajili, ambayo hata siku moja sikuiona, kwa sababu mtu alikuwa ameiondoa kwenye sanduku la mbele na kuiweka kwenye kumbukumbu. Ilikuwa imekwisha kusomwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba halikuwa kosa la binti kuandika anwani vibaya, maana aliyekosea herufi asingeweza kuingia kwangu na kubonyeza kiungo cha uthibitisho. Nikafungua sehemu ya usalama ya akaunti ya Google inayoonyesha vifaa vilivyoingia. Kilikuwapo simu yangu, na kompyuta ya Windows. Mimi sina kompyuta. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti pia si yangu, ni ya binamu yangu.

Yeye ana duka la steshenari karibu na stendi hapa Newala. Mwaka 2019, nilipokuwa naomba chuo na sina simu janja, ndiye aliyenifungulia barua pepe ile, akaandika nenosiri kwenye daftari lake kubwa na kunipa nakala kwenye kipande cha karatasi. Sikulibadilisha tangu siku hiyo. Najua utanilaumu, lakini wangapi hapa kwetu wanabadilisha? Vijana wanaokuja dukani kuombewa kazi au chuo wengi hawana barua pepe, na kuwafungulia mpya huchukua muda, kwa kuwa Google mara nyingi hudai namba ya simu ya kuthibitisha, na namba moja ikitumika mara nyingi hukataliwa. Kwa hiyo, nadhani, anapokuwa na foleni hufungua daftari na kuchukua anwani ya mtu aliyekwisha kuondoka. Mara hii alichukua yangu, na hata kuniuliza hakuniuliza.

Ningekubali, Anti. Hilo ndilo linaloniuma. Angeniambia kuna mtoto wa watu amekwama, ningempa mwenyewe. Baba yake, yaani mjomba wangu, ndiye aliyeuza korosho za misimu miwili nikamaliza chuo, na wewe unajua kwetu Wamakonde mjomba ana neno gani. Nikimshitaki binamu, nimemshitaki mjomba. Nikimwambia kwa upole, atalifanya utani, maana binamu ni mtani, atacheka na kusema barua pepe haichakai kwa kutumiwa na wawili.

Wapo watakaosema nifungue anwani mpya nijisajili, yaishe. Hapana. Anwani ile iko kwenye wasifu wangu, iko benki, na ndiyo waajiri wote niliowahi kuwaombea kazi wanayoijua. Kwa nini nihame mimi? Nakiri kwamba saa nane usiku nilifungua mpya, lakini sijaitumia.

Nilijaribu pia kubadilisha barua pepe ndani ya akaunti ya yule binti ili kila mmoja ashike njia yake, lakini kisanduku kile kimefifia na hakiandikiki, kwa kuwa ndicho jina la kuingilia. Nimewaandikia wahusika wa mfumo kuwaomba waibadilishe wao, nikapata jibu la mashine kwamba watanijibu katika siku za kazi. Ijumaa haisubiri siku za kazi.

Nataka binamu atoke kwenye barua pepe yangu leo hii. Hata hivyo nenosiri la Gmail bado sijalibadilisha, wala ile namba yake sijaiondoa, kwa sababu nikifanya hivyo atajua kwamba nimejua, na sijawa tayari kwa siku hiyo. Lakini nisipobadilisha, binti akija dukani kwake akamwambia kwamba akaunti haifunguki, yeye ataomba kiungo kama nilivyoomba mimi, ataingia kwangu kukichukua, na tutaendelea kufungiana mlango usiku na mchana.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa silitaki kuliandika. Nenosiri la akaunti ya binti nimelibadilisha mimi, na yeye halijui. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na nimelala chali nikijiuliza kama mwizi ni binamu au ni mimi. Anwani ni yangu, ila vyeti ni vyake. Nikikaa kimya hadi Ijumaa, hataweza kuingia kurekebisha maombi yake, na mshindani wangu mmoja atakuwa amepungua. Sisemi kwamba ninalitaka hilo. Nasema tu kwamba nimeliona.

Je, nimpigie yeye kwanza, au binamu? Namba yake iko kwenye karatasi hapa mezani. Nimekwisha kuiandika kwenye simu mara mbili na kuifuta.

Ni mimi msomaji wako, Newala.