Ruhusa ya mahafali

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako ya kuuliza namna ya kuomba ruhusa kazini nimeipata, na kwa kuwa mahafali ya mwanao hayako mbali, nakujibu kwa kukusimulia jinsi nilivyoomba ruhusa yangu mwaka jana, binti yangu alipokuwa akimaliza darasa la saba.

Nilianza kwa kuitazama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Humo ugonjwa wa mtoto una likizo yake, lakini sherehe ya shule haimo. Basi nikajua kwamba naomba hisani, wala sidai haki, na barua nikaiandika kwa lugha hiyo.

Kisha nikapiga hesabu ya saa. Mahafali yalikuwa Ijumaa saa nane mchana, nami nilitaka kutoka saa saba. Kwa haraka nilikuwa nimeandika kwamba nitakosa saa nne, hadi nilipokumbuka kuwa saa saba hadi saa nane ni mapumziko yetu ya chakula, ambayo hayahesabiwi kuwa kazi. Deni langu lilikuwa saa tatu tu.

Namna ya kulilipa ndiyo iliyonichukua muda. Sisi hufanya kazi saa nane kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa tano Jumamosi, yaani 45 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha sheria kabla ya saa za ziada. Ningeahidi kulipa wiki iliyofuata, ningefikisha 48, na zile tatu zingekuwa saa za ziada za kulipwa mara moja na nusu, jambo ambalo bosi wangu asingelipenda hata kidogo. Kwa hiyo niliomba kubaki hadi saa kumi na mbili jioni Jumatatu, Jumanne na Jumatano ya wiki ileile, kwa kuwa saa tisa kwa siku bado ziko ndani ya kikomo cha siku. Tena deni lingekuwa limekwisha kabla sijaondoka, na hilo nadhani ndilo lililomlainisha.

Barua niliiandika hivi: "Naomba ruhusa ya kutoka Ijumaa saa 7 mchana kuhudhuria mahafali ya mwanangu. Saa 3 nitakazokosa nitazifidia kwa kubaki hadi saa 12 jioni siku 3 za mwanzo wa wiki hiyo. Mwenzangu wa dirisha la pili amekubali kupokea droo yangu, nasi tutahesabu fedha pamoja na kutia saini kabla sijaondoka."

Sentensi hiyo ya mwisho usiiache, maana mimi ni keshia, na swali la kwanza la bosi lilikuwa nani atafunga hesabu. Nawe taja kazi yako ya Ijumaa jioni na atakayeishika. Akikubali kwa mdomo, mwombe atie saini kwenye nakala yako, kwa sababu mwaka wa nyuma yake nilikubaliwa kwa mdomo tu, na mwisho wa mwezi nikakatwa mshahara kwa saa nilizokwisha kuzifidia.

Nisalimie mhitimu.

Wako akupendaye,
Mama Neema