Kaka Salum, nchi moja tu siruhusiwi

Kaka Salum, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pesa za dawa za Mama nimeshatuma. Ila lile neno la Mjomba, kwamba nimeshiba huku nikamsahau mzazi, limeniuma sana, tena kalisema mbele ya kikao kizima.

Hati ya kusafiria nimeipata! Jaladani wametaja Mkataba wa tarehe 28 Julai 1951. Ukurasa wa picha, penye uraia, hapana jina la nchi: pameandikwa XXB, alama ya mkimbizi. Usiku nililala nayo chini ya mto. Kwa hati hii nasafiri, nikiomba viza pale inapotakiwa, na narudi huku mradi muda wake haujaisha. Ndani wametaja nchi moja tu nisiyoruhusiwa kwenda nayo. Kwetu.

Sasa Mjomba anataka niende ubalozini nichukue pasipoti ya kwetu, nije kimyakimya. Kaka, mimi nilipewa hifadhi kwa sababu serikali ya kwetu hainilindi. Nikiipokea pasipoti yake kwa hiari, nimejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wake, na kwa Mkataba huo ukimbizi wangu unaweza kukoma.

Jamaa mmoja ninayeishi naye jirani alifanya hivyo, akaenda harusi ya mdogo wake wiki tatu. Aliporudi, ofisa uwanjani alifunua kurasa akaona mihuri. Baadaye ikaja barua ya wito. Pasipoti uliipataje? Ulifikia kwa nani? Kama unawindwa, ulipitaje uwanja wa ndege bila kukamatwa? Faili lake halijafungwa mpaka leo, na maombi ya kuwaleta wanawe yamesimama.

Nilimuuliza wakili habari ya Mama. Akaniambia kumwona mzazi mgonjwa mara moja hakuhesabiwi sawa na kwenda likizo kila mwaka, hasa ukieleza mapema na barua ya hospitali ikiwa mkononi. Lakini hata hivyo hakuna dhamana. Tena maelezo hayo ni ya huku. Hayamzuii mtu wa kwetu kunikamata. Hati hii hainipi haki ya kulindwa na ubalozi wa huku, na kwetu wananihesabu raia wao bado. Wewe mwenyewe uliniambia yule aliyekuja kuniulizia usiku yuko kazini mpaka sasa.

Ninachokuomba ni hiki. Daktari akimruhusu Mama kusafiri, mlete nchi jirani, mjini kabisa, mbali na mpaka. Nitaomba viza ya huko kwa hati yangu na nyumba nitalipia mimi. Nipigie picha ukurasa wa kwanza wa pasipoti yake nione inaisha lini. Nataka nimkande miguu kama zamani, Kaka, nisikie akiniita kwa lile jina lake.

Mjomba naye aje. Nitampa hati aisome mwenyewe.

Mdogo wako,
Zuhura