Kumsimamisha mtoto twisheni: taarifa na ada mliyotanguliza

Wazazi na walezi, habari za jioni.

Wiki hii nimepigiwa simu tatu kuhusu kurudishiwa ada, basi niliweke hapa mara moja.

Anayetaka kumtoa mtoto atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, na ujumbe uje kwenye simu yangu, si hapa kikundini, maana hapa unazama chini ya salamu. Mtoto kuacha kuja si taarifa, na kumwambia mwalimu getini pia si taarifa. Ikifika kabla ya tarehe 1, mwezi unaofuata ndio wa mwisho. Mtoto aje asije, mwezi huo unalipiwa, kwa sababu walimu wameshapangiwa vipindi.

Kinacholeta ubishi ni malipo ya miezi mitatu. Ada ni 60,000 kwa mwezi, ila ukitanguliza mitatu unalipa 165,000. Mzazi mmoja alilipia Januari hadi Machi, akaandika Januari 28. Februari ikawa ya mwisho. Alitegemea 55,000 ya Machi, akapata 45,000. Punguzo ni la miezi mitatu kamili. Ukiishia miwili, inahesabiwa kwa bei ya kawaida, 120,000, na kinachobaki ni chako. Angeandika Februari 2, Machi ingeliwa na taarifa na asingerudishiwa kitu. Najua inauma.

Marejesho yanatumwa kwa namba iliyolipa, kwa hiyo tunzeni ujumbe wa muamala.