Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa mradi: swali langu mulilipeleka wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Asalaam aleikum. Natumai umeamka salama. Sisi huku Amu tumeamka na maji ya matope.

Jana alfajiri nilienda kutoa malema yangu, manane nilitega, matatu nikayakuta yamefukiwa tope hadi mdomoni na samaki hata wa kitoweo hamna. Nikapiga kasia hadi kwa meli yenu ya kuchimba mchanga nikawauliza vijana, jamani mbona mumeanza na kusi ndiyo hii imeshapamba? Mmoja, kijana wa adabu sina neno naye, akanifungulia simu akanambia mzee, hizi ni minitsi za mkutano wenu, someni hapa, wananchi hawana pingamizi.

Nikasomewa. Mstari wa 14, eti "Mkaazi mmoja aliuliza kuhusu mchanga. Jibu: imezingatiwa." Basi. Hiyo ndiyo dakika kumi nzima niliyosimama na goti hili bovu.

Sasa ngoja nikukumbushe, maana ulikuwepo, ulikaa kiti cha mbele na miwani yako. Sikuuliza kuhusu mchanga. Niliuliza mutachimba msimu gani. Nikaeleza kwamba wakati wa kaskazi bahari ya nje hutulia kwa hivyo mwenye chombo huenda nje, lakini ikiingia kusi kuanzia mwezi wa nne hakuna wa kutoka na mtumbwi, sote tunarudi humu ndani kwenye mikondo na mikoko, wenye malema, wenye nyavu, kina mama wa chaza. Mukichafua ndani wakati wa kusi mumetufungia jiko. Na injinia wenu akasimama, wallahi akasimama, akasema tutachimba kaskazi pekee, na tutatandaza pazia la kuzuia tope. Nikamuuliza tena, pazia hilo siku za bamvua mkondo ukikimbia litasimama au litakunjika kama shuka? Akasema siku hizo kazi itasita.

Ahadi tatu hizo. Kwenye minitsi hamna hata moja. Msimu haumo, bamvua haimo, pazia halimo. Kimebaki "imezingatiwa", neno ambalo halina mtu wa kulifanya wala tarehe. Mimi si msomi lakini hata daftari la duka la mkopo huandikwa nani, nini, lini.

Nadhani najua ilivyokuwa. Kijana wa kuandika alikuwa haelewi Kiamu, akawa anangoja kutafsiriwa, mkalimani naye mzee Bwana wa watu akichoka anafupisha, halafu zile karatasi nahisi zilimaliziwa hotelini baada ya chakula. Na mzee wetu aliposema "inshallah" mwisho wa kikao nyinyi mukaandika tumekubali! Inshallah, Mheshimiwa. Hata mwenye deni husema inshallah. Na zile saini mulizoambatanisha ni za nauli na soda, tuliweka saini tupate nauli.

Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu na mtu anayeijua kazi wa kupokea na kuandika maoni ya mdomo na ya karatasi pamoja na tafsiri zake. Tafsiri zimetajwa, sijaongeza mimi. Na wewe hujasahau kiwanda cha makaa ya mawe cha hapa hapa Lamu, mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake tarehe 26 Juni 2019 na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwepo, picha zilikuwepo, watu wengi walijaa. Lakini kuhudhuria si kujibiwa.

Siombi fidia ya malema, ingawa matatu kwa hali ya sasa si mchezo na fito zake zinakatwa mbali. Siombi mradi usimame milele, watoto wangu pia wanataka kazi. Naomba mstari wa 14 uandikwe upya. Maneno yangu yaandikwe kwa Kiswahili kama nilivyoyasema, chini yake jibu la injinia kama alivyolisema, na cheo cha atakayesimamia, na tarehe. Halafu musome mbele yetu kabla ya mtu yeyote kutia saini, atakayesema sivyo basi aandikwe naye kwamba amesema sivyo. Mpaka hapo meli ingoje kaskazi, kama mulivyoahidi.

Mstari wa 14 tu, Mheshimiwa. Nakala ikiwa tayari mimi nipo Mkunguni kila siku baada ya alasiri, na mwaka huu sina pa kwenda, nje kumechafuka na ndani mumechafua.

Wako,
Mkaazi mmoja aliyeuliza kuhusu mchanga